Kutoka maneno 2,412 hadi 1,000: tulivyoipunguza insha yetu juu ya Mbiti

Muhula uliopita sisi mafrateri watatu wa falsafa tuliandika kwa pamoja insha juu ya dhana ya wakati kwa John Mbiti. Ilipokamilika ilikuwa na maneno 2,412. Darasani ilipokelewa vizuri, na mwalimu wetu akatushauri tuipeleke kwenye jarida moja la wanafunzi wa falsafa. Masharti ya jarida yalikuwa mafupi: maneno yasiyozidi 1,000, tanbihi zikihesabiwa humo humo, na insha itakayozidi hata kwa neno moja hairudishwi kwa marekebisho, inaachwa tu. Maana yake tulipaswa kutupa zaidi ya nusu ya kazi yetu, na kilichobaki kiwe bado ni hoja.

Tunaandika hapa tulivyofanya, pamoja na jaribio la kwanza lililoharibika, kwa sababu tunajua wenzetu wengi mnakutana na jambo hili kila mnapoambiwa mfupishe tasnifu au mada ya semina.

Kwanza tueleze insha yenyewe ilisema nini, maana bila hilo hamtaona tulikata wapi. Mbiti, padre wa Kianglikana na mwanafalsafa kutoka Kenya, alitoa mwaka 1969 kitabu chake mashuhuri juu ya dini na falsafa za Kiafrika. Humo anasema kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika wakati una pande mbili: kuna wakati uliopita ulio mrefu sana, na kuna sasa, lakini wakati ujao karibu haupo. Ushahidi wake mkubwa ni wa lugha. Alichunguza nyakati za vitenzi katika Kikamba na Kigikuyu, akaona kwamba zile zinazohusu mambo yajayo hufika kama miezi sita mbele, ikizidi sana miaka miwili. Insha yetu ilimpinga. Tulisema kwamba hata kama hesabu yake ya vitenzi ni sahihi, haimpi haki ya kufikia hitimisho lile.

Mgawanyo wa maneno ulikuwa hivi. Maisha na kazi za Mbiti zilichukua maneno 310, na maelezo ya hoja yake 420. Kisha tulikuwa na maneno 380 juu ya wakati kwa Aristotle na Mtakatifu Augustino, na 350 juu ya tofauti kati ya kitenzi na dhana. Ushahidi wa ituika ya Wagikuyu ulikuwa na maneno 300, ushahidi wa minazi ya pwani 240, Kwame Gyekye na Waakan wa Ghana 250, na hitimisho 162.

Jaribio la kwanza tulilifanya kwa haki, na haki ndiyo iliyotuponza. Kila mmoja wetu alikuwa ameandika sehemu zake, hakuna aliyetaka za kwake zifutwe, basi tukakubaliana kila sehemu ipunguzwe kwa kiasi kilekile: katika kila maneno kumi yabaki manne. Tukapata maneno 965, tukafurahi. Sehemu zote nane zilikuwamo na kila jina lilitajwa. Tulipompelekea mwalimu, alirudisha karatasi ikiwa na maneno mawili tu pembeni, yameandikwa mara nne mahali panne: "Kwa nini?"

Tuliposoma tena tukaelewa. Ituika, iliyokuwa na maneno 300, ilikuwa imebaki na 120, na katika hayo 120 tulikuwa tumesema kwamba Wagikuyu walikuwa na desturi ya kukabidhiana uongozi kati ya rika na rika, bila kusema jambo hilo linamdhuruje Mbiti. Minazi nayo ilikuwapo, lakini ikielea peke yake. Aristotle alikuwa na sentensi mbili ambazo hazikumsaidia mtu yeyote. Ukikata kila mahali kwa kipimo kimoja, kinachokatika kwanza ni viungo kati ya ushahidi na dai, kwa sababu viungo ni virefu na havina majina. Jina la mtu huonekana la lazima, na vilevile tarehe. Sentensi inayosema "hili linaonyesha kwamba, kwa kuwa..." huonekana kama maelezo ya ziada, kumbe ndiyo hoja yenyewe.

Kabla ya kuanza upya tulikwenda kumwangalia bingwa. Mtakatifu Thoma wa Akwino aliiandika hoja ya mwendo mara mbili. Katika Suma dhidi ya Wapagani, kitabu cha kwanza, sura ya 13, ameiandika kwa urefu. Hoja inasimama juu ya misingi miwili, kwamba kila kinachoendeshwa huendeshwa na kingine, na kwamba haiwezekani kurudi nyuma bila mwisho katika waendeshaji. Kila msingi anauthibitisha kwa njia tatu alizozichukua kwa Aristotle, tena kwa maelezo marefu. Miaka michache baadaye, katika Suma ya Teolojia, sehemu ya kwanza, swali la 2, kifungu cha 3, hoja hiyohiyo imeingia katika aya moja.

Aliipunguzaje? Hakuchukua njia zote sita na kuziandika kwa sentensi nusu nusu. Misingi yote miwili imebaki, kwa sababu ukiondoa mmoja hoja inaanguka. Lakini kila msingi umebakiwa na uthibitisho mmoja tu. Kwa ule wa kwanza amebakiza uthibitisho wa uwezekano na utimilifu, ambao kule ulikuwa wa tatu katika orodha. Kwa ule wa pili amebakiza hoja kwamba ukimwondoa mwendeshaji wa kwanza, wa katikati nao hawaendeshi chochote. Zingine ameziacha kabisa, wala hazitaji. Na kilichotushangaza ni kwamba katika aya hiyo fupi amepata nafasi ya mifano: moto wenye joto unaoufanya ukuni upate joto, na fimbo isiyosogea isipokuwa imesogezwa na mkono. Tena katika kifungu hichohicho amewapa nafasi wapinzani wawili, na mwishoni anawajibu wote wawili.

Hapo tukaona kosa letu lilivyokuwa. Thoma anapunguza idadi ya uthibitisho, lakini ule anaoubakiza anauacha na nyama yake. Sisi tulikuwa tumebakiza idadi na kuondoa nyama.

Basi tukaweka pembeni maneno 965 na kuanza na insha ndefu. Kazi ya kwanza haikuwa kukata. Tulitaka kuliandika dai letu kwa sentensi moja, na hapo tukapata aibu nyingine, maana kila mmoja wetu aliandika sentensi tofauti. Mmoja aliandika kwamba Mbiti alikosea kuhusu wakati katika Afrika. Mwingine aliandika kwamba Waafrika wana wakati ujao. Wa tatu aliandika juu ya vitenzi. Insha yetu ndefu ilikuwa imebeba madai matatu, na kwa maneno 2,412 yalikuwa yameweza kuishi nyumba moja bila kugombana. Ndani ya maneno 1,000 yasingeweza. Kuthibitisha kwamba Waafrika wote wana wakati ujao kunataka kitabu. Tulilichagua dogo kuliko yote, tukaliandika hivi:

Orodha ya nyakati za vitenzi katika Kikamba na Kigikuyu haitoshi kuthibitisha kwamba fikra za jadi za Kiafrika hazikuwa na wakati ujao wa zaidi ya miaka miwili.

Ni maneno 26. Tuliyaandika ubaoni, kisha tukaisoma insha ndefu aya kwa aya, tukiuliza swali moja: aya hii ikiondoka, je, dai la ubaoni linaanguka, au linabaki limesimama?

Aristotle na Augustino wakaondoka, dai likabaki limesimama. Tuliwaweka kwa sababu tulikuwa tumewasoma muhula uleule, na pia, tukiri, kwa sababu insha ya falsafa isiyomtaja Aristotle ilionekana haijavaa viatu. Hayo maneno 380 yakaenda yote.

Minazi ilituuma zaidi. Hoja ilikuwa nzuri: mnazi wa kienyeji huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na anayeupanda mara nyingi anawapandia watoto wake, kwa hiyo anafikiri mbali kupita miaka miwili. Aliyeiandika ni mtoto wa pwani na ilimtoka moyoni. Lakini Mbiti alijenga juu ya Wakamba na Wagikuyu, nasi tulikuwa tunamjibu kwa watu wengine. Msomaji mkali angesema: sawa, watu wa pwani hivyo, lakini Wakamba je? Kumjibu tungehitaji maneno mengine. Ituika, kinyume chake, inatoka kwa haohao Wagikuyu. Jomo Kenyatta aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1938 juu ya maisha ya Wagikuyu: rika moja linashika uongozi, na baada ya kipindi cha kizazi kizima linalikabidhi rika linalofuata, ambalo jina lake linajulikana tangu mapema. Kati ya shahidi mmoja anayetoka nyumbani kwa mpinzani na mwingine anayetoka kwa jirani, ukiwa na nafasi ya mmoja, unajua umwite yupi. Maneno 240 ya minazi yakaondoka.

Wasifu wa Mbiti ulipungua kutoka 310 hadi 60. Msomaji alihitaji kujua ni nani, kitabu ni cha mwaka gani, basi. Gyekye alipunguzwa hadi 70, na tutarudi kwake mwishoni.

Maelezo ya hoja ya Mbiti tuliyapunguza kwa tahadhari, kutoka 420 hadi 270, ingawa wawili wetu walitaka yawe 100. Mnapopunguza insha inayopinga, kishawishi ni kumpunguza mpinzani kwanza, kwani yeye si wenu. Lakini mpinzani aliyenyang'anywa sababu zake hana cha kujibiwa, na ushindi juu yake haumshawishi anayemfahamu. Tulihakikisha yamebaki mambo matatu: kwamba anasema juu ya fikra za jadi, kwamba anasema wakati ujao "karibu" haupo, na kwamba yeye mwenyewe anakiri kuwa elimu ya kisasa na mafundisho ya Kikristo yamekuwa yakiwafungulia Waafrika wakati ujao ulio mrefu zaidi.

Baada ya hapo tu ndipo tulipoingia kwenye sentensi, na Kiswahili kinatusaidia sana hapa. Kiswahili hupakia mambo mengi ndani ya kitenzi, na kompyuta inakihesabu kitenzi hicho kuwa neno moja. "Hoja ambayo aliitoa" ni maneno matatu, "hoja aliyoitoa" ni mawili. "Alifanya uamuzi wa kuandika" ni manne, "aliamua kuandika" ni mawili. "Katika kitabu chake" ni matatu, "kitabuni mwake" ni mawili. Ukiipitia insha nzima ukitafuta "ambayo" na "kufanya" peke yake utaokoa maneno mengi bila kugusa maana. Lakini msitegemee njia hii iwabebe. Kwetu sisi haikufikisha hata sehemu moja ya kumi ya tuliyohitaji, na ukiizidisha, sentensi zinabana mpaka msomaji anapumua kwa shida.

Sentensi moja ilitufundisha kuliko zote. Katika insha ndefu ilikuwa hivi:

Jambo la kwanza ambalo tunapaswa kulizingatia hapa ni kwamba, kwa mujibu wa utafiti ambao Mbiti aliufanya katika lugha za Kikamba na Kigikuyu, wakati ujao ambao unaweza kuelezwa kwa kutumia kitenzi hauvuki kipindi cha miezi sita, au ikizidi sana miaka miwili.

Hayo ni maneno 40. Tukaiandika upya:

Kwa utafiti wa Mbiti, kitenzi cha Kikamba na Kigikuyu hakielezi wakati ujao unaovuka miezi sita, ikizidi sana miaka miwili.

Maneno 19, na hakuna kilichopotea. Ule utangulizi wa "jambo la kwanza ambalo tunapaswa kulizingatia" ulikuwa mlango tu. Lakini katika jaribio letu la kwanza, lile la maneno 965, sentensi hiyohiyo ilikuwa imeandikwa hivi:

Kwa Mbiti, Wakamba na Wagikuyu hawana wakati ujao.

Maneno manane, na ni ya uongo. Angalieni kilichotokea. Miezi sita na miaka miwili imepotea, kwa hiyo "kidogo" kimekuwa "hakuna kabisa". Hilo ni kosa, lakini la pili ni baya zaidi: kitenzi kimetoweka. Sentensi ndefu ilizungumzia lugha, yaani kitenzi kinaeleza nini. Sentensi fupi inazungumzia watu, yaani wana nini. Mruko wa kutoka kwenye lugha hadi kwenye watu ndio hasa tuliokuwa tunamlaumu Mbiti kwa kuufanya. Sisi tuliuruka wenyewe katika aya ya pili, kwa ajili ya kuokoa maneno kumi na moja, kisha katika aya ya tano tukamshutumu yeye. Msomaji makini angeuliza tunamlaumu kwa lipi.

Tangu hapo tukawa na desturi moja. Kabla ya kukata, tunapitia ukurasa na kupigia mstari maneno madogo yanayopima: karibu, baadhi, huenda, wa jadi, tu, angalau, kwa utafiti wake, katika lugha hizi. Kwa mkasi ndiyo mepesi kuliko yote, kwa sababu ukiyatoa sarufi haisumbuki na sentensi inasikika yenye nguvu zaidi. Ndiyo maana ni ya hatari. Neno lililopigiwa mstari halitoki mpaka wote watatu tukubaliane kwamba dai halikubadilika. Na hata vitenzi vya kunukuu vina hesabu yake. Mmoja wetu aliwahi kubadilisha "Mbiti anasema kwamba" kuwa "Mbiti aligundua kwamba", maneno ni yaleyale matatu, lakini "aligundua" inamkubalia mtu kabla hujamjibu.

Sehemu ya kitenzi na dhana ilitoka 350 hadi 230. Tulikuwa na lugha nyingi za mfano, tukabakiza Kifini na Kijapani. Lugha hizo hazina umbo maalumu la kitenzi kwa wakati ujao, na hakuna anayesema Wafini na Wajapani hawawezi kuwaza mwaka kesho kutwa. Hapo tulipunguza idadi na kuuacha mfano useme wote, kama ule ukuni wa Thoma.

Ituika ndiyo sehemu tuliyoigusa kidogo kuliko zote, kutoka 300 hadi 250, na ndani ya hayo 250 tuliongeza kitu ambacho insha ndefu haikuwa nacho. Tulipokuwa tunaipima tuliona kwamba Mbiti angeweza kutujibu. Yeye anakubali kwamba mambo yaliyo katika mzunguko wa maumbile, ambayo lazima yatatokea, watu huyatazamia. Kwake hayo ni aina ya wakati ulio njiani. Angesema ituika nayo ni mzunguko, kama msimu wa mvua. Katika maneno 2,412 tulikuwa tumelipita jambo hili bila kuliona, kwa kuwa tulikuwa na minazi na Waakan wa kukimbilia. Sasa ituika ilikuwa imebaki shahidi peke yake, na shahidi wa peke yake huhojiwa vizuri. Tuliandika jibu kwa sentensi tatu: hata tukikubali kwamba ni mzunguko, ni mzunguko wa miongo kadhaa; anayeusubiri na kuuandalia anatazama mbele kupita miaka miwili; kwa hiyo kipimo cha miaka miwili, kilichotoka kwenye vitenzi, hakiwezi kuwa kipimo cha fikra.

Hitimisho likashuka kutoka 162 hadi 90, likiacha kurudia yaliyosemwa. Jumla ikawa 970.

Tulimpa mwenzetu wa mwaka wa kwanza, ambaye hakuwa ameiona insha ndefu. Hilo ni muhimu, kwa sababu sisi watatu tulikuwa tunasoma pia yale yaliyofutwa. Macho yetu yalijaza mapengo yenyewe. Alipomaliza tukachukua karatasi, tukamwuliza tunadai nini, tunategemea nini, na mpinzani angesema nini. La kwanza alilijibu sawasawa. La tatu pia. Kwenye la pili alikwama kidogo, kisha akauliza: "Samahani kaka, ituika ndiyo nini?" Tulikuwa tumekata maelezo ya neno lenyewe tulipokuwa tunasogeza sentensi, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona. Tukarudisha maneno 14. Ikawa 984.

Tuliacha yale 16 yaliyobaki bila kuyajaza. Programu za kompyuta hazihesabu sawa: nyingine huhesabu tanbihi na nyingine huziacha, na maneno yenye kistari huhesabiwa moja au mawili kutegemea programu. Kama sharti ni 1,000, usipeleke 1,000 kamili.

Linalotusumbua hadi leo ni Gyekye. Katika kitabu chake cha mwaka 1987 juu ya fikra za Waakan anampinga Mbiti waziwazi, na anaonyesha kwamba Waakan wana neno la wakati ujao, daakye, pamoja na namna nyingine za kuutaja. Sisi tumempa maneno 70. Kwa dai letu dogo anatosha, maana linahusu Kikamba na Kigikuyu, na Waakan wanaingia tu kuonyesha kwamba neno "za Kiafrika" limetandazwa mno. Lakini mmoja wetu anashikilia kwamba tulipochagua dai dogo tulikimbia swali kubwa, na kwamba Gyekye alistahili kuwa shahidi wa kwanza. Tumeliacha bila kukubaliana. Maneno 240 ya minazi na 180 tuliyompunguzia Gyekye tumeyahifadhi katika faili lake, na tayari ameanza kuyaandikia insha nyingine.